Dakika 40 za Kichina kwa Mfanyabiashara wa Kariakoo

Muuza mabegi wa Guangzhou akikutajia bei ya *yì bǎi wǔ*, sikio la Mswahili hupokea mia moja na tano, kwa sababu *yì bǎi* ni mia moja na *wǔ* ni tano. Bei aliyoitaja ni yuani 150. Katika Kichina cha mazungumzo, namba inayofuata mia huhesabiwa kuwa ya makumi hata kama neno la kumi halikutamkwa. Mtu anayetaka kusema 105 hana budi kuipachika sifuri katikati: *yì bǎi líng wǔ*. Vivyo hivyo *liǎng qiān sān* ni 2,300, wala si 2,003. Kwenye begi moja tofauti hiyo ni yuani 45, lakini kwenye mzigo wa mabegi 50 ni yuani 2,250, na hapo faida ya safari imeshaanza kuliwa.

Dukani kuna kikokotoo, na wauzaji wengi wa jumla wa Guangzhou na Yiwu hukubonyezea bei ukaiona kwa macho. Kazi huanza ukisharudi Dar es Salaam, muuzaji yuleyule anapokutumia ujumbe wa sauti kwenye WeChat kukuambia bei imepanda, rangi nyeusi imekwisha, au katoni moja sasa ina vipande 40 badala ya 50. Sauti haina kikokotoo.

Basi tumchukue mama mwenye duka la mabegi Kariakoo. Anaishi Kimara, anafungua saa mbili asubuhi, anafunga saa kumi na mbili jioni, na nyumbani kuna watoto na chakula cha usiku kinachomsubiri. Kichina hajui hata neno moja. Miezi mitatu ijayo anataka kwenda kununua mzigo mwenyewe badala ya kumtegemea wakala kwa kila kitu. Muda anaoweza kuupata bila kujidanganya ni dakika 40 kwa siku, tena si kwa mkupuo mmoja. Swali ni azipange vipi.

Cha kwanza ni kuamua asichojifunza. Mimi ningeondoa kuandika kwa mkono. Vitabu vingi vya wanaoanza hukupa ukurasa wenye miraba, ukarudia herufi moja mara ishirini, na ukurasa mmoja tu unaweza kumaliza nusu ya muda wa siku. Mfanyabiashara hataandika Kichina kwa kalamu. Akihitaji kuandika, atafanya hivyo kwenye simu: anabonyeza matamshi kwa herufi za Kilatini, mtindo unaoitwa pinyin, kisha anachagua herufi ya Kichina inayotokea. Kuitambua herufi ukiiona ni rahisi kuliko kuichora kutoka kichwani, na hata hilo linaweza kusubiri mwezi wa nne. Watakaobisha wapo, hasa walimu wanaoandaa watu kwa mitihani, na kwa mwanafunzi wa chuo wana haki. Huyu mama ana dakika 40.

Kinachobaki ni maneno, toni na kusikiliza. Maneno ndiyo yanayoua ratiba nyingi, na yanaiua kwa njia ambayo mwanzoni haionekani.

Mwaka 1972 Mjerumani Sebastian Leitner alichapisha kitabu kilichoeneza njia ya kujifunza kwa kadi na visanduku. Upande mmoja wa kadi unaandika neno la Kiswahili, upande wa pili la Kichina. Kadi mpya huingia kisanduku cha kwanza, ambacho hupitiwa kila siku. Ukijibu sawasawa, kadi inasogea kisanduku cha pili kinachopitiwa kila baada ya siku mbili, kisha cha tatu kila baada ya siku nne, cha nne siku nane, cha tano siku kumi na sita. Ukikosea, kadi inarudi kisanduku cha kwanza hata kama ilishafika cha tano. Vipande vya manila na makopo matano ya maziwa ya unga vinatosha. Anayependa simu atatumia Anki, programu ambayo kwenye Android haina malipo, na ambayo hupanga siku za marudio yenyewe kwa hesabu inayofanana na hiyo.

Sasa tazama hesabu yake. Kadi ikienda bila kukosewa hupitia visanduku vitano, na safari hiyo huchukua siku 31. Kwa hiyo neno jipya la leo ni mkopo unaolipwa kwa awamu tano ndani ya mwezi mmoja. Ukiingiza maneno matano kila siku, wiki ya kwanza utapitia kadi chache tu na kujiona una akili nyingi. Mwezi ukitimia visanduku vyote vimejaa, na kila siku una kadi 25 za kurudia, kama hukosei kabisa. Lakini unakosea. Ukikosea kadi moja katika kumi, zinafika kama 35 kwa siku. Ukikosea moja katika tano, zinazidi 50, kwa sababu kila kosa linairudisha kadi mwanzo wa foleni.

Kadi moja, kuisoma, kufikiri, kujibu kwa sauti na kugeuza, huchukua kama sekunde 10. Kadi 50 ni dakika nane na kidogo. Hizo zinabebeka. Lakini Anki ukiiacha ilivyokuja, inakupa maneno mapya 20 kwa siku. Zidisha mara nne: kwa mwenye kukosea moja katika tano, marudio yanavuka kadi 200 kwa siku, zaidi ya nusu saa ya kadi tupu. Ratiba ya dakika 40 imekwisha kabla hujasikia sauti ya Mchina. Ndiyo maana mtu huanza vizuri, halafu wiki ya nne au ya tano anajikuta amezama bila kujua maji yametoka wapi. Uvivu haukuhusika, alikopa mno wiki ya kwanza.

Kwa hiyo sheria ya mama wetu ni maneno mapya matano, Jumatatu hadi Ijumaa. Jumamosi na Jumapili anarudia tu. Hayo ni maneno 25 kwa wiki, na katika wiki 13 hayawezi kuzidi 325. Ukiondoa wiki za mzigo kuingia, misiba na homa za watoto, 250 ni makadirio ya uungwana. Kwa kulinganisha, mtihani wa HSK kwa mpangilio wake wa zamani ulidai maneno 150 daraja la kwanza na 300 daraja la pili.

Mambo mawili zaidi kuhusu kadi. Upande wa swali uwe Kiswahili, na jibu litamkwe kwa mdomo, kwa sababu kulitambua neno ukilisoma hukupa imani isiyo na msingi. Na toni ikikosewa, kadi imekosewa, hata kama silabi zote ni sahihi. Wanaoanza huiona sheria hii kali, na wengi huilegeza wiki ya kwanza. Wangeilegeza mahali pengine.

Kununua ni *mǎi*, kuuza ni *mài*. Silabi ni ileile. Kilichotofautiana ni sauti: ya kwanza inakaa chini, ya pili inaporomoka kutoka juu kama mtu anayeamrisha. Kichina sanifu kina toni nne: ya kwanza ya juu isiyoyumba, ya pili inayopanda, ya tatu ya chini, ya nne inayoshuka. Vitabu huichora toni ya tatu ikishuka kisha ikapanda, na mwanafunzi akiifuata picha hiyo hutamka kila neno kwa kulivuta. Katika maneno yanayofuatana, mara nyingi ni sauti ya chini tu, basi. Pia toni mbili za tatu zikikutana, ya mbele hugeuka ya pili, ndiyo maana *nǐ hǎo* husikika *ní hǎo*.

Mchaga, Mhaya au Msukuma aliyekua na lugha ya nyumbani ameshazoea kwamba kupanda na kushuka kwa sauti kunaweza kubadili maana, hata kama hajawahi kulifikiria. Anayejua Kiswahili tu ana mazoea mawili ya kuyavunja. Kwanza, Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho na kuiacha ya mwisho ianguke. Mtu akisema *Zhōngguó*, yaani China, kwa mdundo huo, silabi ya mwisho inashuka wakati inatakiwa ipande. Pili, sisi huuliza kwa kuinua sauti mwishoni: “Unauza?” Ukiinua sauti juu ya *mài*, umeiharibu toni yake, na msikilizaji anabaki anakukodolea macho. Kichina huweka neno la kuulizia, *ma*, mwishoni mwa sentensi, na toni za maneno mengine zinabaki zilivyo.

Namba ndizo zinazoadhibu zaidi. Nne ni *sì*, kumi ni *shí*. Wachina wengi wa kusini, wakiwemo wa Guangzhou, hawaitenganishi sana *sh* na *s*, kwa hiyo tofauti inayobaki ni toni: nne inashuka, kumi inapanda. Kumi na nne ni *shísì*, arobaini ni *sìshí*. Anayezipuuza toni hatajua kama ameambiwa 14 au 40.

Kuna na jambo la *b* na *p*. Katika pinyin herufi hizi hazisomwi kama zetu. Zote mbili ziko karibu na *p* ya Kiswahili. Ile inayoandikwa *p* ina pumzi inayotoka kwa nguvu, na ile ya *b* haina. Mtu wa Lamu au Mombasa anayetofautisha paa la nyumba na paa wa porini kwa pumzi hiyohiyo ameshafika nusu ya njia. Wengine washike kipande cha karatasi mbele ya midomo: kwa *p* ya Kichina kitikisike, kwa *b* kitulie. *D* na *t*, *g* na *k* ni hivyohivyo.

Sasa siku yenyewe. Asubuhi kabla ya kutoka Kimara, dakika 15: kadi dakika 10, toni dakika 5. Kadi zinawekwa asubuhi kwa sababu jioni, baada ya saa kumi za kuhangaika na wateja, maneno mapya hayashiki vizuri, na marudio yakiahirishwa huongezeka. Dakika tano za toni ni za kutamka kwa sauti, na azifanye kwa jozi za silabi badala ya silabi mojamoja, maana mtu anayeweza kutamka *mài* peke yake vizuri bado huharibu neno lenye silabi mbili. Toni nne zikikutana mbilimbili zinatoa jozi 16. Nne kwa wiki zinatosha: wiki ya kwanza zile zinazoanza na toni ya kwanza, wiki ya pili zinazoanza na ya pili, na kuendelea. Mwezi ukiisha anaanza upya na maneno mengine. Kamusi ya simu iitwayo Pleco hutamka maneno, kwa hiyo mwalimu wa kuiga yupo.

Njiani, dakika 10 za kusikiliza. Ndani ya mwendokasi uliojaa huwezi kufanyia toni mazoezi ya mdomo, na ukijaribu utawatisha abiria. Unaweza kusikiliza. Kosa la kawaida hapa ni kusikiliza vitu vingi vipya, filamu leo, redio kesho, na kuita hilo kuzoesha sikio. Anayeanza akisikia sauti asizozielewa hajifunzi kitu, anapata kelele. Achukue mazungumzo mafupi ya nusu dakika, ambayo maana yake ameshaisoma, ayasikilize hayohayo wiki nzima. Kwa mfano haya:

— Zhège duōshao qián?
— Yì bǎi wǔ.
— Tài guì le. Yì bǎi èr, xíng ma?
— Nǐ yào duōshao?
— Wǔshí ge.
— Hǎo, yì bǎi sān.

Mnunuzi anauliza bei ya kitu hiki, anajibiwa 150. Anasema ghali mno, vipi kwa 120? Muuzaji anauliza anataka vingapi. Hamsini. Haya, 130. Ni mistari sita, lakini ndani yake kuna bei tatu za ule mtindo wa kumeza neno la kumi, kuna swali lenye *ma*, na kuna *ge*, neno dogo linalowekwa kati ya idadi na kitu. Mwanzoni mwa wiki atasikia mkondo wa sauti. Katikati ya wiki ataanza kujua neno moja linaishia wapi na jingine linaanzia wapi, na hiyo ndiyo kazi ambayo dakika hizi 10 zimewekewa.

Jioni, dakika 15 zilizobaki, kabla ya chakula. Baada ya kula usingizi una nguvu kuliko Kichina. Hapa hakuna kipya. Anayarudia mazungumzo ya njiani kwa mdomo, akimfuata msemaji papo kwa papo, na kila siku anabadili kitu kimoja: bei leo, idadi kesho, rangi keshokutwa. Dakika tano za mwisho anajirekodi kwa simu sentensi mbili, kisha anasikiliza yake na ya Mchina zikifuatana. Zoezi hili watu hulikwepa kwa sababu hakuna anayependa sauti yake. Lakini ndilo linaloonyesha ile silabi ya mwisho inayoanguka Kiswahili, kosa ambalo mdomo ukiwa kazini sikio halilisikii.

Jumapili kuna kipimo. Mtoto anachukua simu, anaandika bei kumi kwa Kichina na kuiamuru itamke.

“Mama, sikiliza hii.”

“Rudia, mwanangu.”

“Mara moja tu, ndiyo sheria.”

Mama anaandika alichosikia kwa tarakimu. Akipata nane au zaidi, wiki inayofuata anaendelea na maneno mapya matano. Akipungukiwa, wiki inayofuata haina maneno mapya kabisa. Dakika zake zinahamia kwenye namba. Makosa yenyewe humwambia tatizo liko wapi: akichanganya 14 na 40 ni toni, akiandika 105 penye 150 ni kanuni ya mia, na akikwama kwenye 35,000 ni *wàn*. Wachina wana neno la pekee la elfu kumi, *wàn*, na namba kubwa huzihesabu kwa hilo. Elfu thelathini na tano kwao ni *sān wàn wǔ qiān*, elfu-kumi tatu na elfu tano. Laki yetu kwao ni *shí wàn*.

Siku itakosekana. Kontena litaingia, TRA watapita, mtoto ataumwa. Anayejaribu kulipa kwa kusoma dakika 80 kesho yake kwa kawaida hukosa na hiyo kesho. Siku ngumu ifanywe kadi peke yake, dakika 10, bila neno jipya. Zikikosekana siku tatu mfululizo, kadi zimerundikana. Azipunguze kwa dakika zilezile 10 kwa siku, na asiongeze neno hata moja mpaka kisanduku cha kwanza kipungue. Mwezi wa Ramadhani ratiba nzima huhama: kadi baada ya daku, mazungumzo baada ya tarawehe, na ile nafasi ya jioni inaachwa.

Wiki 13 za siku sita, dakika 40 kila siku, ni saa 52. Taasisi ya Marekani inayofundisha lugha wanadiplomasia wake hukadiria kwamba mzungumzaji wa Kiingereza anahitaji kama saa 2,200 za darasa kufikia Kichina cha kazi. Kwa dakika 40 kila siku hiyo ni miaka tisa. Mama wetu hataongea Kichina baada ya miezi mitatu. Atauliza bei, atapunguziwa, atataja idadi, rangi na ukubwa, na ataelewa ujumbe wa sauti uliomwambia mambo hayo, hasa akiusikiliza mara mbili.

Mkalimani bado atamhitaji, na zaidi ya popote kwenye malipo ya awali. Kichina kina maneno mawili ya malipo hayo, yote yakitamkwa *dìngjīn*, toni kwa toni. Moja huandikwa 定金: mnunuzi akivunja makubaliano fedha imepotea, na muuzaji akivunja anarudisha mara mbili. Jingine huandikwa 订金, nalo ni malipo ya kutangulia tu yanayoweza kurudishwa. Hakuna mazoezi ya sikio yatakayoyatenganisha. Risiti ikiletwa, mkalimani aonyeshe kwa kidole herufi ya kwanza ni ipi, kabla yuani hazijahesabiwa.